Safari Niliyowasimulia Kidato cha Nne

Msichana aliyekuwa akiongoza kwa Kemia katika kidato cha nne alichukua kifutio na kufuta PCB kwenye fomu yake. Alifanya hivyo asubuhi iliyofuata baada ya mimi kuzungumza na wanafunzi wa shule yake kuhusu kazi yangu. PCB ndiyo tahasusi ya Fizikia, Kemia na Baiolojia ya kidato cha tano, mlango ambao walimu wake walikuwa wamemwandalia tangu kidato cha pili. Mahali palipokuwa na PCB aliandika stashahada ya maabara ya afya. Yaani aliandika mimi.

Habari hiyo niliipata kwa simu nikiwa kazini Kasulu, glavu mkononi. Aliyepiga ni mwalimu wa ushauri na unasihi wa shule hiyo iliyoko Kibondo, mtu wa Tabora, mtani wangu wa siku nyingi. Siku hiyo hakutania.

"Dada," alisema, "ulizungumza vizuri mno."

Nianzie nyuma kidogo.

Mwalimu huyu alinitafuta mapema katika muhula ule. Kidato cha nne walikuwa wanakaribia kujaza fomu za kuchagua tahasusi na vyuo, zile ambazo kila mtu huziita selfomu. Huzijaza kwanza kwenye karatasi, kwa penseli, wapate nafasi ya kujadiliana na wazazi, halafu ndipo taarifa zao huingizwa kwenye mfumo. Kabla hazijaingizwa, alitaka waone mtu aliyetoka pale pale. Mimi nimezaliwa Kitahana, nimesoma shule hiyo hiyo, na sasa ni mtaalamu wa maabara katika hospitali moja Kasulu. Kwa hesabu yake nilikuwa mgeni asiyehitaji kuelezwa kwao ni wapi.

Nilimtumia nilichoandika. Kilianza na mwaka wa kuzaliwa, kikapita shule, chuo, ajira, kikaishia na neno kwamba elimu ni ufunguo wa maisha. Akanipigia.

"Huu ni wasifu," alisema. "Wasifu mpelekee mwajiri. Hawa wape safari."

"Tofauti yake ni nini?"

"Wasifu hauna mahali mtu anapopotea. Na nyie Waha mnavyopenda kujificha nyuma ya 'tulisoma, tukasaidiwa, tukafika', watoto hawatajua nani alifanya nini. Sema mimi. Halafu chagua mambo machache tu ambapo njia ilikata kona. Kila kona useme ulikuwa unajua nini wakati huo, na ulikuwa hujui nini. Muda wangu ni kipindi kimoja, na nusu yake ni maswali."

Ushauri ule ulikuwa mzuri, na mpaka leo naufuata. Nilikaa na karatasi, nikaandika kona zangu. Ya kwanza iliyonijia ilikuwa benchi.

Nilipomaliza kidato cha nne nilikwenda kukaa kwa shangazi karibu na Mtendeli, wakati kambi ilipokuwa imefunguliwa tena kwa ajili ya Warundi. Mtoto wake alishikwa na homa, tukampeleka kwenye kliniki ya kambini, ambako wanakijiji wa jirani nao walipokelewa. Tulikaa kwenye benchi nje ya maabara. Mbele yetu mama mmoja wa Kirundi alikuwa amembana mwanawe kifuani, na kijana wa maabara, mtu wa Mtwara, alikuwa ameshika kitobolea kidole na kumwuliza kwa Kiswahili mtoto ameanza kuumwa lini. Mama yule alijibu kwa Kirundi kwamba damu ya mwanawe haiuzwi. Kijana akadhani amejibiwa siku.

Kirundi na Kiha ni ndugu wa karibu. Nilisema tu kwa Kiswahili nilichokisikia, nikiwa pale pale nilipokaa. Kisha nikamweleza mama kwa Kiha kwamba tone lile linatazamwa kwenye kioo na haliondoki mahali hapo. Akanyoosha kidole cha mtoto. Tulipopata majibu yetu na kuinuka, kijana wa Mtwara alitoa kichwa dirishani.

"Wewe dada, kesho una kazi gani?"

"Sina."

"Basi njoo."

Nikawa mkalimani wa dirisha lile. Kila wagonjwa walipopungua, aliniruhusu kuchungulia kwenye darubini, na mara ya kwanza nilipoviona vijidudu vya malaria, vidogo kama pete zilizovunjika, niliuliza kama vinaweza kuhesabiwa. Akacheka, akanifundisha kuvihesabu. Kutoka hapo nilikwenda chuo cha afya, nikasoma stashahada, nikajitolea, nikaajiriwa.

Ndiyo iliyokuwa safari yangu kwenye karatasi. Benchi, darubini, chuo, kazi. Niliipenda. Ilikuwa na mahali, na watu, na mazungumzo, na ilikuwa ya kweli neno kwa neno.

Kabla ya siku yenyewe nililala nyumbani Kitahana, na jioni nikamsomea mama huku anapukuchua maharage. Nilimtafsiria kwa Kiha nikiendelea. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa ungo, akauliza, "Mbona hujasema siku ile shambani?"

Nilijua siku gani. Ilikuwa siku majina ya waliochaguliwa kwenda kidato cha tano yalipotoka. Kaka yangu aliyasoma kwenye simu ya jirani, akaja mpaka kwenye shamba la maharage tulipokuwa tukipalilia, akasimama ukingoni. Jina langu halikuwemo. Nilikuwa nimejaza PCB. Baiolojia na Kemia nilipata alama za kunitosha kuingia chuo cha afya, Fizikia ilipita kwa kuponea, na jumla yake haikufika pale palipohitajika kwa kidato cha tano. Nilikaa chini kati ya matuta, nikalia mpaka mama akaacha jembe. Kwa shangazi nilipelekwa ili nibadilishe hewa.

"Hayo si ya kuwaambia wanafunzi, mama."

"Kwa nini?"

"Watavunjika moyo."

Mama hakubisha. Aliendelea kupukuchua. "Wewe ulivunjika," alisema baadaye, "na unaona uko hapa unanisomea makaratasi."

Sikuliingiza shamba lile kwenye karatasi. Nilikuwa na sababu ambayo wakati ule ilionekana ya adabu. Shuleni kwetu mgeni aliyefanikiwa hasimulii kufeli mbele ya watoto wa watu, kama vile mgeni wa harusi hasimulii talaka. Tena, karatasi yangu haikuwa na uongo. Niliandika, "Sikupitia kidato cha tano," na nikaendelea.

Asubuhi ya siku hiyo Kibondo ilikuwa na ukungu, na wanafunzi walikuwa wamekunja mikono ndani ya masweta. Tulikaa ukumbini, ambao pia ni bwalo, na harufu ya maharage ya jana ilikuwa bado ipo. Mkuu wa shule alisimama kunitambulisha. Ni mtu mzima, alinifundisha mimi mwenyewe Jiografia, na nilimwamkia kwa kuinama na kupiga makofi ya polepole kama tunavyowaamkia wakubwa. Aligeukia wanafunzi.

"Huyu dada yenu," alisema, "wenzake walipokimbilia kidato cha tano, yeye alichagua ujuzi mapema. Hakupoteza muda."

Makofi yakapigwa.

Alisema kwa nia njema. Labda alikuwa amesahau, kwani watoto waliopita mikononi mwake ni wengi. Ningeweza kusema, "Mwalimu, sikuchagua." Lakini kwetu mkubwa akikutambulisha unapokea utambulisho wake kama unavyopokea maji ya kunawa, kwa mikono miwili, bila kuyakagua. Nilisimama, nikashukuru, nikaanza na benchi.

Walinisikiliza kuliko nilivyotarajia. Nilipofika kwenye Kiha walicheka kwa pamoja na kugeukia mlangoni. Shuleni pale kuna kibao kidogo chenye kamba, anayekutwa akizungumza Kiha hukivaa shingoni mpaka amkamate mwingine, na siku hiyo kilikuwa kimetundikwa kwenye msumari nyuma ya mkuu wa shule.

"Kwa hiyo madam," alisema mvulana mmoja wa safu ya nyuma, "tukivaa hicho tunasomea ajira?"

Hata mkuu wa shule alicheka. Mwalimu wa Tabora alimwambia akae kabla hajaajiriwa kufyeka uwanja.

Kisha nikawaonyesha. Nilikuwa nimeomba darubini ya maabara yao, ile ya kioo cha kurudisha mwanga, kwa kuwa haihitaji umeme. Niliiweka dirishani, nikageuza kioo mpaka jua hafifu la asubuhi likaingia kwenye bomba, nikaandaa ngozi ya kitunguu kwa tone la aidini. Walipita kwa foleni. Wengi walisema "naona" kabla ya kuona. Msichana mmoja mwembamba, kola imepigwa pasi ikasimama, alishika kitufe cha kurekebisha, akakizungusha polepole kuelekea juu badala ya kuelekea chini, kama inavyotakiwa ili lenzi isigonge kioo. Alikaa muda mrefu. Wenzake wakamsukuma.

"Wengine nao wana macho," mmoja alimwambia.

"Subirini nione ukuta wa seli," alijibu bila kuinua kichwa.

Kwenye maswali ni yeye aliyeinua mkono wa mwisho. "Dada, kambi ya Mtendeli imefungwa. Hilo benchi halipo. Mimi nikaanzie wapi?"

Jibu la swali hilo sikuwa nimeliandaa. Nilijibu kwamba benchi ni mfano tu, na kwamba vyuo vya afya vipo na milango yake iko wazi kwa aliyepita masomo ya sayansi kidato cha nne. Nilitaja sifa za kujiunga, nikataja miaka mitatu ya masomo na kwamba ni lazima kufanya mazoezi hospitalini, na kwamba mwenye stashahada nzuri anaweza baadaye kwenda shahada. Yote ni sahihi. Alikuwa akiandika. Tulipigiwa makofi, tukanywa chai ya maziwa ofisini, nikapanda basi la kurudi Kasulu nikiwa nimeridhika.

Kesho yake ndipo simu ikaja.

"Nimemwuliza kwa nini," mwalimu aliendelea. "Amesema dada alichagua ujuzi mapema, hakupoteza muda. Neno kwa neno."

"Hayo aliyasema mkuu."

"Najua nani aliyasema. Wewe ulikuwa umesimama."

Akaendelea kwa sauti ya chini, kana kwamba alikuwa kwenye ofisi yenye watu. Msichana huyo alitaka udaktari tangu alipofika shuleni. Alama zake za majaribio zinatosha tahasusi yoyote ya sayansi. Baba yake ni fundi cherehani sokoni na amesema mwanawe achague mwenyewe, yeye atashona. Hakuna aliyemsukuma. Kwa stashahada ya maabara njia ya udaktari haifungwi kabisa, lakini inazunguka sana, na wengi huishia kuzunguka.

"Wewe uliyumba ukafika mahali," alisema. "Yeye hajayumba. Anafuata alama ya mguu wako akidhani ndiyo barabara."

Niliomba ruhusa kwa Jumamosi, nikapanda basi la alfajiri. Njiani nilijaribu kuiandika upya hotuba kichwani na nikaona tatizo lake lilipokaa. Mwalimu alikuwa ameniagiza kwenye kila kona niseme nilichojua na nisichojua. Kona ya kwanza kabisa nilikuwa nimeiruka. Na kwa kuwa niliiruka, kila kilichofuata kilionekana kama mpango. Benchi likawa uamuzi. Kliniki ikawa njia ya mkato. Safari ikiondolewa mahali ilipovunjika hugeuka kuwa ushauri, nami sikuwa nimekwenda pale kutoa ushauri wa namna hiyo.

Shuleni tulikaa kwenye ngazi za maabara, mimi na yeye, mwalimu akisimama mbali kidogo akijifanya anakagua mabomba ya maji. Aliniamkia, akakaa akikunja sketi chini ya magoti.

"Nimesikia umefuta PCB," nilisema.

"Ndiyo, dada."

"Mimi sikuchagua ujuzi mapema. Nilijaza PCB kama wewe. Sikuchaguliwa."

Alinitazama kwanza viatu, halafu uso. Nikamweleza shamba la maharage, kaka ukingoni, mama akiacha jembe. Nilimweleza Fizikia iliyopita kwa kuponea. Hakuonyesha huruma yoyote, na nilimshukuru kwa hilo.

"Kwa hiyo ungechaguliwa, ungekwenda?"

"Ningekwenda."

"Na leo ungekuwa maabara?"

"Sijui."

Alifikiri. "Sasa unataka nirudishe PCB."

"Sijasema hivyo."

"Mwalimu anataka."

"Mwalimu yuko pale, muulize."

Alitabasamu kidogo kwa mara ya kwanza. Mwalimu alifungua bomba ambalo halikuwa na maji.

"Dada," alisema, "juzi nilipoona ule ukuta wa seli nilisahau kwamba kuna watu nyuma yangu. Hilo halikutoka kwenye hotuba yako. Sasa ukiniambia ulianguka ukafika hapo, na mimi nafika bila kuanguka, kosa liko wapi?"

"Huenda hakuna kosa. Nilitaka tu uchague ukijua."

"Nimejua," alisema. "Nitafikiri."

Tukaagana. Nilipomwuliza mwalimu anaonaje, alisema fomu za penseli zinaingizwa kwenye mfumo wiki ile, na kwamba baada ya matokeo serikali hufungua tena dirisha ili wanafunzi wabadilishe wenyewe wakitaka. "Basi hatujachelewa," nilisema. Alifunga bomba. "Sisi hatujachelewa," alisema, "ila si sisi tunaojaza."

Msichana aliiacha fomu kama ilivyokuwa. Stashahada ya maabara ikaingia kwenye mfumo ikiwa chaguo la kwanza, PCB ikiwa haipo.

Tangu hapo nimeisimulia safari hiyo tena katika shule moja hapa Kasulu, karibu na chuo cha ualimu. Nimeijenga upya. Sasa inaanzia ukingoni mwa shamba la maharage. Kabla ya kutambulishwa humwendea mkuu wa shule ofisini, baada ya salamu na habari za nyumbani, na kumwambia kwa unyenyekevu kile ambacho naomba akiseme kunihusu na kile naomba asikiseme. Wa hapa alishangaa.

"Unataka niwaambie hukuchaguliwa?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Mbele ya kidato cha nne?"

"Hao hasa."

Aliwaambia, akikohoa kidogo katikati ya sentensi. Kwenye kila kona nasema sasa nilichojua na nisichojua, na pembeni naweka mtu mwingine niliyesoma naye: mmoja aliyekwenda kidato cha tano na sasa ni daktari Mwanza, mwingine aliyekwenda na akaacha njiani, mwingine aliyejifunza uchomeleaji na ana karakana yake Kibondo mjini. Nimewaomba ruhusa, na majina yao siyataji. Hotuba imekuwa ndefu kidogo na haina mng'ao wa ile ya kwanza. Mwanafunzi mmoja aliniambia ukweli wake, kwamba anatoka ukumbini akiwa hajui zaidi kuliko alipoingia. Nilimwuliza kama alikuwa anajua kweli alipoingia. Akasema hapana, lakini alikuwa na raha.

Nilipomsimulia mama kwamba shamba la maharage limeingia kwenye hotuba, alitaka kujua kama nilisema lilikuwa letu au la kukodi. Sikuwa nimesema. Alisema niseme ni letu.

Matokeo ya kidato cha nne yametoka. Msichana wa Kibondo amefaulu kwa kiwango ambacho mwalimu wake aliniandikia kwa ujumbe wenye herufi kubwa tupu. Tahasusi yoyote ya sayansi ingempokea. Dirisha la kubadilisha machaguo limefunguliwa, na shule inaweza kuona tu; anayeweza kubadilisha ni mwanafunzi mwenyewe, kwa neno la siri analolijua yeye.

Jana nilimpigia mwalimu. Alisema msichana yuko sokoni kwa baba yake, anashona vifungo, na kwamba kila yeye mwalimu akipita, msichana anamwamkia vizuri na kumwuliza habari za darubini.

"Na mfumo?" niliuliza.

"Nimeangalia asubuhi. Chaguo la kwanza bado ni maabara."

"Labda ameamua."

"Labda. Au hajaingia kabisa."

Dirisha linafungwa mwisho wa mwezi.